Uzito wa Majibu katika Kura za Maoni

Katika uchaguzi wa rais wa Marekani wa 2016, kura nyingi za maoni za majimbo zilimpa Hillary Clinton nafasi kubwa kuliko aliyokuwa nayo. Sababu mojawapo ni kwamba waliosoma chuo kikuu hukubali kuhojiwa zaidi kuliko wasiosoma, na watafiti wengi hawakurekebisha tofauti hiyo.

Marekebisho hufanywa kwa kuyapa majibu uzito. Tuseme kati ya watu 1,000 waliohojiwa, 600 wana shahada, ilhali miongoni mwa wapigakura wenye shahada ni asilimia 40 tu. Kila mwenye shahada hupewa uzito wa 40 kugawanya kwa 60, yaani 0.67, asiye nayo hupewa 60 kugawanya kwa 40, yaani 1.5. Ikiwa mgombea anaungwa mkono na asilimia 60 ya kundi la kwanza na asilimia 40 ya la pili, jumla yake hushuka kutoka asilimia 52 hadi 48.

Gharama yake ni uhakika: majibu hayo 1,000 sasa yana nguvu ya takriban 857.

Hesabu hii huchukulia kwamba wasiosoma waliojibu wanafanana na wasiosoma waliokataa kujibu. Wasipofanana, uzito hukuza sauti isiyo yao. Mwaka 2020 kura nyingi za maoni zilizingatia elimu, lakini zilikosea tena kwa kiasi kikubwa, zikipunguza uungwaji mkono wa Donald Trump.