Cheo cha ndani au ajira ya nje: hesabu kabla ya kusaini

Mhasibu wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam ana ahadi moja na barua moja. Ahadi imetoka kwa meneja wake: mhasibu mwandamizi anastaafu, nafasi yake utaichukua wewe, na mshahara utapanda kutoka shilingi 1,800,000 hadi 2,200,000. Barua imetoka kwa kampuni ya vifaa vya ujenzi yenye ofisi Masaki: cheo ni hicho hicho cha mhasibu mwandamizi, mshahara ni 2,700,000, na jibu linatakiwa ndani ya wiki mbili. Mhasibu huyu ni wa mfano, lakini viwango vya makato nitakavyovitumia ni vya kweli, na hali yake wanaijua wengi.

Jambo la kwanza ambalo watu hulifanya ni kutoa 2,200,000 kwenye 2,700,000 na kupata tofauti ya laki tano. Laki tano kila mwezi ni fedha nyingi, na ndugu wakiisikia watamwambia asilale, aondoke kesho. Tatizo ni kwamba laki tano hiyo imo kwenye karatasi tu, na haitafika mkononi nzima.

Tuipitishe kwenye makato. NSSF huchukua asilimia 10 ya mshahara kutoka kwa mfanyakazi, na mwajiri huongeza asilimia 10 nyingine. Kinachobaki ndicho kinachokatwa kodi ya PAYE, na kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, kila shilingi inayozidi milioni moja hukatwa asilimia 30. Mhasibu wetu alisoma chuo kikuu kwa mkopo wa serikali, kwa hiyo Bodi ya Mikopo nayo huchukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Kwa mtu wa kipato chake, kila shilingi 100 ya nyongeza inakatwa 10 za NSSF, 27 za kodi na 15 za Bodi. Anabaki na 48. Laki tano ya Masaki, ikifika mkononi, ni 240,000.

Fedha ya NSSF haijapotea, ni akiba yake ya uzeeni, na deni la Bodi linapungua upesi zaidi. Lakini kodi ya nyumba na ada ya shule hulipwa kwa kile kinachoingia benki, kwa hiyo kwa maisha ya mwezi hadi mwezi hesabu ianzie kwenye 240,000.

Sasa aweke mezani vitu ambavyo havimo kwenye mshahara. Anaishi Gongo la Mboto, na kampuni ya sasa ina basi la wafanyakazi. Masaki hawana. Daladala mbili kwenda na mbili kurudi, pamoja na bodaboda siku za mvua, tuseme zinakula 90,000 kwa mwezi. Bima ya afya ya kazini kwake inamhudumia yeye, mke na watoto wawili. Ya Masaki inamhudumia yeye peke yake. Tuseme kuwakatia bima wale watatu kwa fedha yake kutamgharimu 90,000 nyingine ukigawa malipo ya mwaka kwa miezi 12. Kutoka 240,000 amebaki na 60,000. Laki tano iliyomkosesha usingizi imekuwa elfu sitini.

Sisemi kwamba ajira ya nje daima huyeyuka hivi. Asiyedaiwa na Bodi ya Mikopo angeanza na 315,000 badala ya 240,000, na anayeishi karibu na Masaki asingekuwa na gharama ya usafiri. Ninachosema ni kwamba huwezi kulinganisha nafasi mbili kabla ya kuzifikisha zote kwenye fedha ile ile, yaani fedha inayobaki mkononi baada ya makato, nauli na matibabu ya familia. Hesabu hiyo pia inaonyesha la kuomba. Kwa mhasibu wetu, kuwaambia Masaki wawaingize mke na watoto kwenye bima ya kampuni kunamwokolea 90,000. Ili apate kiasi hicho kwa njia ya mshahara, ingebidi waongeze karibu 190,000. Ombi la bima ni jepesi kwa mwajiri kulikubali, na wengi hawaliombi kwa sababu macho yako kwenye mshahara tu.

Tugeukie ahadi ya ndani, kwa sababu na yenyewe ina mitego yake, na kwa maoni yangu ndiyo inayopotosha watu zaidi. Nafasi ya nje huja na barua yenye cheo, mshahara na tarehe. Nafasi ya ndani mara nyingi huja kwa mdomo. Meneja anasema kwa moyo safi kabisa, lakini bajeti haiko mikononi mwake. Kinachofuata ni barua ya kukaimu: mtu anakaa kwenye kiti cha mwandamizi, anasaini hundi na kujibu maswali ya wakaguzi, huku mshahara ukiwa ule ule wa zamani. Miezi mitatu inakuwa sita, sita inakuwa mwaka. Kwa hiyo ahadi ya ndani isilinganishwe na barua ya nje mpaka nayo iwe barua: cheo kamili, mshahara wa msingi, tarehe ya kuanza kulipwa mshahara huo, na kama ni kukaimu, posho ya kukaimu ni kiasi gani na mwisho wake ni lini.

Kuna swali jingine la ndani ambalo ni muhimu kuliko hata mshahara: kazi yangu ya sasa atafanya nani? Kampuni inayompandisha mtu bila kuajiri wa kujaza nafasi aliyoiacha imempa kazi mbili kwa nyongeza ya moja. Dalili zake huonekana mapema. Ukiuliza na ukajibiwa kwamba mtasaidiana kwa muda, au kwamba suala hilo litaangaliwa mwaka wa fedha ujao, ujue bado halijapangwa. Ukiambiwa tangazo la kazi litatoka tarehe fulani, au ukatajiwa kijana wa idara ya malipo anayeandaliwa, hapo kuna mpango.

Upande wa nje una shida ya namna yake, nayo ni ugeni. Mwaka 2011 Matthew Bidwell, msomi wa Chuo cha Wharton huko Pennsylvania, alichapisha utafiti kuhusu benki ya uwekezaji ya Marekani, akilinganisha waliopandishwa kutoka ndani na walioajiriwa kutoka nje kwenye kazi za aina moja. Walioajiriwa kutoka nje walilipwa karibu asilimia 18 zaidi. Lakini kwa miaka miwili ya mwanzo tathmini zao za utendaji zilikuwa chini kuliko za wenzao wa ndani, na walikuwa wepesi zaidi kuondoka au kuondolewa. Benki ya Marekani si kampuni ya Masaki, na asilimia zile hazihamishiki. Sababu, hata hivyo, mhasibu yeyote ataitambua. Pale bandarini anajua ni mteja gani huchelewa kulipa na ni nani wa kumpigia simu hati ya forodha ikikwama. Ujuzi huo ni nusu ya kazi yake, na hauhami naye. Masaki watamlipa zaidi, na watategemea zaidi kutoka kwake katika miezi ile ile ambayo bado hajui mambo yanakwendaje.

Miezi hiyo ndiyo pia ambayo sheria inamlinda kidogo. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri wake hawezi kudai kwamba ameachishwa kazi isivyo haki. Bandarini amekaa miaka sita, ulinzi huo anao, na akipandishwa cheo hapo hapo utumishi wake unaendelea bila kukatika. Kuna na kiinua mgongo. Mwajiri akimwachisha, kwa mfano kwa kupunguza wafanyakazi, sheria inataka alipwe angalau mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, kwa kikomo cha miaka kumi. Kwa miaka sita na mshahara wa sasa hiyo ni karibu milioni 2.9. Akiacha kazi mwenyewe hana madai hayo, na kule aendako anaanza kuhesabu upya. Si fedha ya kumfunga mtu mahali pabaya, lakini kama kampuni ya bandarini inayumba na kupunguza watu kunanukia, au kama Masaki ndiyo inayoyumba, inafaa iwemo kwenye hesabu.

Masaki wanayumba au la, atajuaje? Asitosheke na ukumbi wa mapokezi. Awaulize waliomsaili nafasi hii imebaki wazi kwa nini, na aliyekuwepo amekwenda wapi. Amtafute mtu aliyewahi kufanya kazi pale, amuulize mshahara huingia tarehe ngapi na kama mwezi wowote umewahi kuchelewa. Amuulize pia kama michango ya NSSF ilikuwa ikipelekwa, kwa sababu mwajiri aliyebanwa hukata fedha ya mfanyakazi kisha huchelewa kuiwasilisha, na hilo mtu huliona akitazama taarifa ya michango yake mwenyewe.

Kwa mhasibu wa mfano wetu, mimi ningemshauri abaki, kwa masharti mawili: barua ya cheo iwe mkononi kabla wiki mbili za Masaki hazijaisha, na awepo mtu wa kupokea kazi yake ya zamani. Elfu sitini haitoshi kununua ugeni wa miaka miwili. Na akishakaa mwaka mmoja na nusu kwenye kiti cha uandamizi ataingia sokoni akiwa ameshaifanya kazi hiyo, jambo ambalo waajiri wa nje hulipa vizuri zaidi. Masaki wakiongeza familia kwenye bima, na barua ya ndani isipotokea, basi aende, na asiikatae safari kwa kusikitikia miaka sita.

Akiamua kwenda, asiandike barua ya kuacha kazi kabla mkataba wa Masaki haujasainiwa na pande zote mbili. Mfanyakazi wa mshahara wa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya siku zisizopungua 28, na mkataba wake unaweza kutaka zaidi, kwa hiyo tarehe ya kuanza huko aipange kwa kuhesabu hizo siku. Namba yake ya NSSF itabaki ile ile, aipeleke kwa mwajiri mpya asije akaandikishwa mara ya pili. SACCOS ya kazini ndiyo yenye mambo mengi. Mkopo aliokopa utahitaji kulipwa au kupangiwa njia nyingine ya marejesho, kwa kuwa hautakatwa tena kwenye mshahara. Na kama amewadhamini wenzake, akiba yake inaweza kuzuiliwa mpaka wapate mdhamini mwingine. Aende kwa katibu wa chama siku ile ile atakayotoa notisi, kwa sababu kumpata huyo mdhamini kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko notisi yenyewe.