"Sa" na "saufa": mambo yajayo katika Kiarabu yako mbali kiasi gani?

Ajrumiya ni kijitabu chembamba cha nahau kilichoandikwa na Ibnu Ajurrum, mwanachuoni wa Fasi nchini Moroko aliyefariki mwaka 1323. Vijana wengi wa madrasa za pwani ya Afrika Mashariki wameanzia hapo kujifunza Kiarabu. Katika kurasa zake za mwanzo mwanafunzi huambiwa kwamba kitenzi hutambulika kwa alama chache, na mbili kati ya hizo ni herufi siin, inayotamkwa "sa", na neno "saufa". Kijitabu hakisemi zinatofautianaje. Kinazitaja na kupita.

Zote mbili hukaa mbele ya kitenzi cha wakati uliopo na kukisukuma kwenye wakati ujao. "Yaktubu" ni anaandika, au huandika. "Sayaktubu" ni ataandika, na "saufa yaktubu" pia ni ataandika. "Sa" hunata kwenye kitenzi kama kiambishi, ilhali "saufa" husimama peke yake. Mwisho wa kitenzi haubadiliki, kwani dhumma yake hubaki pale pale. Kwa Mswahili kazi huishia hapo, maana "-ta-" yake inafunika zote mbili. Mwalimu akiulizwa kwa nini Waarabu wana mbili, mara nyingi hujibu kwamba "sa" ni ya karibu na "saufa" ni ya mbali.

Jibu hilo lina ukoo mrefu. Wanahau wa Basra, huko Iraki, walishikilia kwamba neno likiongezwa herufi huongezeka maana. "Saufa" ina herufi tatu na siin ni moja, kwa hiyo, walisema, muda wa "saufa" ni mrefu zaidi. Wenzao wa Kufa walikataa. Kwao siin ni "saufa" iliyokatwa mkia kwa kusemwa mara nyingi, na ushahidi wao ni kwamba baadhi ya Waarabu walisikika wakisema "sau" na hata "saf" kabla ya kitenzi. Ikiwa ni neno moja lililofupishwa, tofauti ya muda itoke wapi?

Mfano unaowapa nguvu watu wa Basra ni wa manabii wawili walioahidi jambo lile lile, kumwombea mtu msamaha. Katika sura ya Maryam, aya ya 47, Ibrahimu anaagana na baba yake aliyemfukuza, na anaahidi kumwombea kwa Mola wake. Kitenzi chake kina "sa". Katika sura ya Yusuf, aya ya 98, wana wa Yaakubu wamekwisha kukiri walivyomtenda ndugu yao, nao wanamtaka baba awaombee. Yaakubu anakubali, lakini kwa "saufa". Wafasiri wengi wa kale wakaiona "saufa" hiyo kama mlango wa kungoja, na riwaya zikasema mzee aliahirisha dua hadi wakati wa daku, au hadi usiku wa kuamkia Ijumaa, saa ambazo dua hutarajiwa kupokewa. Msomaji anaweza kuongeza sababu ya kibinadamu: baba aliyelia kwa miaka mingi hadi macho yakafifia hana haraka ya kuwafutia wanawe.

Usomaji huo unavutia, lakini haufiki mbali. Katika sura ya An-Nisaa, aya ya 146 inawaahidi waumini ujira mkubwa kwa "saufa", na aya ya 162 ya sura hiyo hiyo inaahidi ujira mkubwa kwa "sa". Ujira ni ule ule, na siku ya kulipwa ni ile ile. Mfano mwingine ni onyo kwamba watu watakuja kujua, linalorudiwa mara mbili mfululizo. Katika sura ya An-Nabaa limekuja kwa "sa" na katika At-Takaathur kwa "saufa", na yanayoonywa kote ni mambo ya akhera. Kwa kipimo cha umbali peke yake, aya hizi hazitenganishiki. Ibnu Hisham wa Kairo, aliyefariki mwaka 1360, alizipinga kambi zote mbili katika kitabu chake cha Mughni: siin haikukatwa kutoka "saufa", na wala muda wake si mfupi zaidi.

Lipo pia suala la uhakika, na hapo mambo yanageuka. Wanafunzi wengi leo hufundishwa kwamba "saufa" ni nzito, kwa hiyo ni ya mkazo. Az-Zamakhshari, aliyefariki mwaka 1144, alielekeza uhakika upande wa pili. Katika tafsiri yake ya Al-Kashshaf, alipofika kwenye aya ya 137 ya Al-Baqara, ambako Mtume anaahidiwa kwamba Mungu atamtosheleza dhidi ya wapinzani wake, alisema siin hiyo inamaanisha kwamba jambo litakuwa bila shaka, hata likichelewa kidogo. Basi mkazo ni wa ipi?

Mtu akitazama sentensi nzima, ataona kwamba uhakika mara nyingi hubebwa na kitu kingine. "Saufa" hupokea lamu ya kukazia na kuwa "lasaufa", kama katika sura ya Adh-Dhuha, ambako Mtume anaahidiwa kupewa hadi aridhike. Sura hiyo ilianza kwa kiapo, kwa hiyo mkazo umekuja kwa njia mbili, na hakuna hata moja iliyo "saufa" yenyewe. "Sa" haipokei lamu hiyo. Hii ni tofauti ya kweli, isiyotegemea masikio ya mfasiri, na inastahili kukaririwa kabla ya ile ya karibu na mbali.

Tofauti nyingine hujitokeza katika kukanusha. Kukanusha "sayaktubu" si kubandika neno la hapana mbele yake. Kiarabu fasaha hutumia "lan", nayo humaliza kitenzi kwa fataha: "lan yaktuba", hataandika. "Lan" tayari ina wakati ujao ndani yake. Ndiyo maana "saufa lan yaktuba", inayosikika hata kwa watangazaji, huwakera wanahau: imeweka alama ya wakati ujao mara mbili, moja ya kukubali na moja ya kukataa.

Katika magazeti ya Kiarabu ya leo, kinachochagua kati ya hizo mbili ni mwendo wa sentensi zaidi ya kalenda. "Sa" ni fupi na inafaa habari, na "saufa" ina uzito unaopendwa na mwenye hotuba. Rais akisema nchi "saufa" itashinda, hakusudii kwamba ushindi uko mbali. Na kama kuna neno "ghadan", yaani kesho, ndilo linalotaja siku. "Sayasilu ghadan" na "saufa yasilu ghadan" zote humfikisha mgeni kesho ile ile.

Mitaani, zote mbili hazisikiki sana. Mmisri hutanguliza "ha", Msiria "rah", Mmoroko "ghadi", na watu wa Ghuba husema "ba", kama katika "baruuh", nitakwenda. Mfanyakazi wa Mombasa au Tanga anayefika Dubai na "saufa" yake ya madrasa hueleweka vizuri, ila husikika kama anasoma taarifa ya habari. Hiyo "ba" ya Ghuba huhusishwa na kitenzi cha kutaka, na "-ta-" ya Kiswahili nayo huhusishwa na "taka", ambayo bado iko wazi katika "atakayekuja".