Tafsiri ya neno umuganda

Umuganda ni neno la Kinyarwanda linalotaja kazi ya pamoja inayofanywa nchini Rwanda Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Watu wenye umri wa miaka 18 hadi 65 wenye uwezo hufyeka, huchimba mitaro au hutengeneza barabara kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 5, kisha wakazi hufanya mkutano. Kwa sheria ya mwaka 2007 kazi hiyo ni ya lazima.

Kiswahili hakina neno moja linalolingana nalo kikamilifu. Njia rahisi ya kupima tafsiri ni kuiweka katika sentensi halisi, kwa mfano: "Alitozwa faini kwa kukosa umuganda."

Ukiweka "kazi ya kujitolea", sentensi inajipinga, kwa kuwa anayejitolea hatozwi faini. Ukiweka "harambee", msomaji wa Kenya atafikiria mchango wa fedha, maana ndiyo iliyozoeleka huko. "Msaragambo" wa Tanzania unakaribia zaidi, kwani kijiji kinaweza kumtoza faini asiyefika. Lakini hauna siku moja kwa nchi nzima, na nje ya Tanzania wengi hawalijui neno hilo.

Kwa hiyo mfasiri huliacha neno lilivyo na kulieleza mara ya kwanza tu: "umuganda, yaani kazi ya lazima ya wakazi wote kila mwisho wa mwezi". Baada ya hapo hutumia "umuganda" peke yake. Katika kichwa cha habari, ambako nafasi ni finyu, "msaragambo wa kitaifa" unaweza kutosha kwa wasomaji wa Tanzania.