Deni Jipya Nalo Lina Hasara Yake

Mwenye duka la jumla akitoa saruji na nondo kwa mali kauli, huanza kuhofia fedha zake mteja anapoacha kupokea simu. Kanuni ya kimataifa ya hesabu iitwayo IFRS 9, iliyoanza kutumika Januari 1, 2018, inamtaka ahesabu hasara mapema zaidi, tangu siku anapoandika ankara.

Wahasibu huanza kwa kuyapanga madeni kwa umri, yaani siku zilizopita tangu tarehe ya kulipa. Tuseme duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo linawadai wateja shilingi milioni 100. Milioni 60 muda wake haujafika. Milioni 20 zimechelewa hadi siku 30, milioni 8 hadi siku 60, milioni 8 nyingine hadi siku 90, na milioni 4 zimepita hapo.

Asilimia za hasara hazibuniwi, hutoka kwenye daftari la nyuma. Tuseme mwaka uliotangulia duka lilikopesha milioni 500. Siku ya kulipa ilipopita, milioni 200 zilikuwa bado nje. Baada ya siku 30 zilibaki milioni 80, baada ya 60 zikabaki 40, baada ya 90 zikabaki 20. Mwishowe milioni 10 hazikulipwa kabisa. Gawanya hizo 10 kwa kila kiasi, nawe utapata asilimia 2, 5, 12.5, 25 na 50.

Sasa zidisha kila fungu kwa asilimia yake: milioni 1.2, 1, 1, 2 na 2. Jumla ni milioni 7.2, na hilo ndilo tengo la hasara. Mizania itaonyesha madeni ya milioni 92.8. Kama tengo la mwaka jana lilikuwa milioni 5, ni milioni 2.2 tu zinazopunguza faida ya mwaka huu.

Lakini yaliyopita hayatoshi. Ikiwa ujenzi umedorora na mafundi wanakosa kazi, asilimia hizo hupandishwa, na sababu huandikwa ili mkaguzi aione. Wateja wenye tabia tofauti nao hutenganishwa. Mkandarasi anayesubiri malipo ya serikali huchelewa sana lakini huenda akalipa, ilhali muuza duka aliyefunga biashara huenda asionekane tena.

Hesabu huharibika zaidi pale deni la zamani linapoandikiwa ankara mpya ili lionekane changa. Fungu la milioni 8 lililochelewa hadi siku 90 likirudishwa kati ya yasiyofikia muda, tengo lake linashuka kutoka milioni 2 hadi laki 1 na elfu 60. Mkaguzi hulinganisha ankara na hati za kupokelea mzigo: ankara ya Desemba isiyo na mzigo uliotoka Desemba humfanya aulize maswali.