Bei Hutangulia Gharama: Hesabu ya Hamri la Makadara

Katika lugha ya kawaida, maneno bei na gharama aghalabu hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Mtu husema "gharama ya kitabu hiki ni shilingi mia tano" akimaanisha bei. Mchanganyiko huu hauleti madhara makubwa katika mazungumzo, lakini katika biashara huweza kumfilisi mtu. Gharama ni kile anachotoa mwuzaji ili bidhaa iwepo. Bei ni kile anachotoa mnunuzi ili aipate. Swali la makala haya ni: kati ya viwili hivyo, kipi kihesabiwe kwanza?

Zipo njia mbili kuu. Ya kwanza huanza na gharama: mwuzaji hujumlisha alichotumia, akaongeza asilimia fulani ya faida, na jumla hiyo ikawa bei. Tuiite bei ya gharama na nyongeza. Ya pili huanza sokoni: mwuzaji hutazama bei ambayo wanunuzi wako tayari kuitoa, akaondoa faida anayoikusudia, na kinachosalia ndicho kiwango cha juu kabisa anachoruhusiwa kutumia. Hii ni mbinu ya gharama lengwa. Kampuni ya Toyota ya Ujapani iliikuza katika miaka ya 1960 kwa jina la genka kikaku, yaani upangaji wa gharama.

Hatuna haja ya kwenda Ujapani ili kuielewa. Tutembee asubuhi hapa Makadara, kisiwani Mombasa, kuelekea Mji wa Kale, tukamtazame mama anayekaanga mahamri ya kuliwa kwa mbaazi za nazi. Tarakimu zifuatazo ni za mfano, nazo zimechaguliwa ili hesabu ionekane wazi.

Tuseme kila siku hukanda kilo 4 za unga. Pamoja na sukari na tui, hupata donge la kilo 6.4. Akikata vipande vya gramu 50, hupata mahamri 128. Matumizi yake ni haya: unga shilingi 352, sukari 80, nazi 200, hamira na iliki 40, mafuta yanayokwisha karaini 250, makaa 80, na ujira wa msaidizi 150. Jumla ni shilingi 1,152, yaani shilingi 9 kwa kila hamri. Kazi yake mwenyewe hakuihesabu. Anategemea kwamba faida ndiyo itakayomlipa.

Akifuata njia ya kwanza na kuongeza asilimia 25, bei itakuwa shilingi 11 na senti 25. Hapo ndipo tatizo linapoanza, kwa kuwa jirani zake wote wanauza kwa shilingi 10. Mnunuzi aliyezoea kutoa sarafu moja ya shilingi 10 hataulizia bei ya unga. Atavuka njia tu. Tuseme wateja wanapungua na mama anakaanga mahamri 96. Unga, nazi, mafuta na viungo hupungua pamoja na idadi, kwa wastani wa shilingi 7 na senti 20 kwa kila hamri. Lakini makaa na ujira, ambavyo ni shilingi 230, havipungui. Sasa vinabebwa na mahamri machache zaidi, na kila hamri linagharimu takriban shilingi 9 na senti 60. Kanuni ile ile ya asilimia 25 sasa inamwambia auze kwa shilingi 12! Kila anapoitii, anawafukuza wengine. Dalili ya ugonjwa huu ni hiyo: bei inapanda ilhali bei za viungo dukani hazijabadilika.

Njia ya pili inamwuliza swali jingine. Bei ni shilingi 10, na haiamui yeye. Anataka faida ya asilimia 20 ya bei, yaani shilingi 2. Basi gharama inayoruhusika ni:

10 − 2 = 8

Wasomaji watambue kwamba asilimia 20 hii haijapunguzwa kutoka ile 25. Faida ya asilimia 25 juu ya gharama ni sawa na asilimia 20 ndani ya bei: kitu kilichogharimu 8 kikiuzwa 10, faida ya 2 ni robo ya 8 lakini ni sehemu ya tano ya 10. Anayechanganya misingi hii miwili akatoa asilimia 25 kutoka kwenye bei atapata gharama ya shilingi 7 na senti 50, na atajinyima nusu shilingi ambayo angeweza kuitumia vyema karaini.

Gharama ya sasa ni 9, inayoruhusika ni 8. Pengo ni shilingi 1 kwa hamri, au shilingi 128 kwa siku. Ataliziba vipi?

Jibu la haraka, nalo tunalifahamu sote tuliowahi kulalamika kwamba mahamri yamekonda, ni kukata vipande vidogo. Kwa gramu 45 donge lile lingetoa mahamri 142. Lakini bei ya shilingi 10 ambayo soko linaikubali ni bei ya hamri la gramu 50. Ukibadilisha bidhaa, huna hakika tena kwamba bei uliyoanza nayo ndiyo bei yake.

Mwenye kuifuata mbinu hii kwa uaminifu hujiuliza mnunuzi analipia nini hasa. Analipia harufu ya iliki, ladha ya tui, na hamri lililofura. Huko hakuguswi. Halipii mafuta yaliyonywewa. Kwa hakika anayachukia. Mafuta yasiyopata moto wa kutosha huingia ndani ya unga, na dalili yake ni hamri zito linaloacha doa pana kwenye karatasi. Akingoja mpaka kipande cha kujaribia kipande juu mara moja kikizungukwa na mapovu, tuseme mafuta yanashuka kutoka 250 hadi 190. Akinunua unga kwa bela badala ya pakiti mojamoja, anaokoa 24. Akikaanga mfululizo bila kuacha jiko liwake bure, anaokoa 20 ya makaa. Jumla ni 104. Gharama sasa ni shilingi 1,048, karibu 8 na senti 19 kwa hamri.

Pengo la shilingi 24 limebaki. Jaribu kubwa ni kulichukua kwenye ujira wa msaidizi. Hapa ndipo mbinu hii inapostahili kulaumiwa: hesabu yenyewe haitofautishi kati ya kupunguza upotevu na kumsukumia mzigo aliye dhaifu. Viwanda vikubwa hufanya vivyo hivyo kwa wanaoviuzia vipuri.

Haifai hata hivyo kuitupa njia ya kwanza moja kwa moja. Seremala wa Mji wa Kale anayeagizwa mlango mmoja wa nakshi hana bei ya soko ya kuanzia. Atahesabu mbao, siku na nyongeza yake. Nchini Kenya, tangu Desemba 2010, bei ya juu ya mafuta ya petroli hupangwa na serikali kwa mtindo huo huo: gharama ya kuyafikisha, ikiongezwa ushuru na faida zilizowekwa. Mwenye gari hana jirani wa kumkimbilia. Mwenye sarafu ya shilingi 10 pale Makadara anaye.

Kuhusu zile shilingi 24, viwanda vilivyoikuza mbinu hii vina kanuni kali: bidhaa isiyofikia gharama lengwa haitengenezwi. Mama wetu hawezi kungoja, kwa kuwa kesho wateja watakuja. Anaweza kukubali faida ya shilingi 1 na senti 81 badala ya 2, akijua sasa ni kiasi gani anachokikosa na kwa nini, huku msaidizi wake akiondoka na shilingi 150 kama jana.