Je, Wajua? Asilimia 20 za mwisho ndizo hula muda

Kwenye chaja ya kasi, magari mengi ya umeme hutoka asilimia 10 hadi 80 kwa nusu saa hivi, kisha huhitaji karibu muda uleule kumalizia 20 zilizobaki. Chaja haijaharibika. Ioni za lithiamu hujipenyeza ndani ya grafaiti ya betri. Nafasi zikikaribia kujaa, umeme ukiendelea kusukumwa kwa nguvu ileile, lithiamu huganda juu ya grafaiti kama metali na kuiharibu betri. Ndiyo maana kompyuta ya gari hupunguza umeme.

Tuchukue gari la kilomita 400 kwa chaji kamili, kutoka Tunduma kwenda Iringa. Lijaze usiku kucha nyumbani, maana umelala na muda haupotei. Ukifika Makambako, baada ya takriban kilomita 270, utakuwa na kama asilimia 32. Iringa iko mbele kama kilomita 165, yaani asilimia 41. Tuseme pana chaja ya kasi hapo: ongeza hadi 70, uwe na akiba ya milima, uondoke. Kungoja betri ijae kuna maana pale tu ambapo huna uhakika wa chaja uendako.