Ukingo wa Uso Uliopachikwa

Uso wa mtu unapopachikwa juu ya uso wa mwingine katika video, haukatwi kwa mstari mkali kama picha ya gazeti iliyopitiwa na mkasi. Programu hutumia kinyago, yaani picha ya pili ambayo kwa kila pikseli ina namba kati ya 0 na 1. Katikati ya shavu namba hiyo ni 1, na uso mpya huonekana wote. Nje ya uso ni 0. Ukingoni hushuka kidogo kidogo, na hapo rangi ya uso mpya huzidishwa kwa namba ya kinyago, rangi ya picha ya chini huzidishwa kwa sehemu iliyobaki, kisha zote mbili hujumlishwa. Hesabu ni nyepesi, lakini jibu lake hutegemea aina ya namba zinazoingizwa.

Namba ya pikseli iliyohifadhiwa kwenye faili, kuanzia 0 hadi 255, si kipimo cha nuru. Jicho hutofautisha vivuli vya giza vizuri zaidi kuliko vya mwangaza, kwa hiyo faili hupitishwa kwenye mkunjo uitwao gama, ambao hulitengea giza namba nyingi. Kwa kanuni ya sRGB, pikseli ya 128 hutoa takriban asilimia 22 tu ya nuru ya pikseli ya 255. Nusu ya nuru iko kwenye 188. Mtu akichora vyumba vidogo vyeupe na vyeusi, pikseli moja moja, kisha akavitazama kwa mbali, ataona kijivu kinachofanana na 188, wala si 128.

Tuseme ukingo wa paji la uso lenye thamani ya 200 unakutana na nywele nyeusi zenye thamani ya 30, na kinyago hapo ni 0.5. Namba za gama zikichanganywa kama zilivyo, jibu ni 115. Zikigeuzwa kwanza kuwa nuru, zikachanganywa, kisha zikarudishwa kwenye gama, jibu ni 148. Pikseli ya 115 ina nuru pungufu ya thuluthi mbili ya ile ya 148.

Lipi ni sahihi? Hilo huamuliwa na maana ya ile 0.5. Ikiwa unywele mmoja mwembamba umefunika nusu ya pikseli, kamera ingepokea nuru ya nusu ngozi na nusu unywele, na kujumlisha nuru ndiko hasa kunakofanywa na lenzi. Hapo 148 ndiyo sahihi. Ikiwekwa 115, kila unywele unapokutana na ngozi hubaki utepe wa giza, kana kwamba umechorwa kwa wanja. Utepe huo mwembamba, usiofuata kivuli chochote cha taa, ndio dalili ya kwanza ya uso uliochanganywa kwa gama.

Lakini kinyago cha kubadilisha sura mara nyingi hulainishwa kwa upana, labda pikseli 40, na katika upana huo hakuna kitu halisi kilichofunika nusu ya pikseli. Ni mpito uliotungwa ili jicho lisigundue mshono. Hapa hesabu ya nuru huleta kasoro yake. Thamani ya 115, ambayo jicho huiona kuwa karibu katikati ya ngozi na nywele, haifikiwi penye 0.5 bali penye 0.28. Mpaka unaoonekana husogea nje takriban pikseli 9, na uso mweupe huonekana umevimba kuelekea nywele, ukiwa na mng'ao hafifu pembeni. Uso mweusi mbele ya pazia jeupe hupatwa na kinyume chake: pazia humega taya, na uso huonekana umekonda. Anayefanya kazi yote kwa nuru hulazimika kukivuta kinyago ndani au kukitanua, kulingana na kilicho nyuma ya uso.

Ngozi inapokutana na ngozi, kwa mfano 180 na 165, majibu ya njia zote mbili hayapishani hata kwa hatua moja. Mshono ukionekana kwenye shavu, basi gama haihusiki. Tatizo ni rangi au mwanga wa nyuso zenyewe ambazo hazikulinganishwa.

Yapo makosa mawili yanayofanana na haya. La kwanza ni kukigeuza kinyago chenyewe kana kwamba ni picha: 0.5 huwa 0.21, na uso wote hujikunja ndani. Kinyago ni mgawo, si nuru, kwa hiyo hakiguswi. La pili ni kuhifadhi nuru kwa namba nzima za 0 hadi 255. Vivuli vyote vya gama kuanzia 0 hadi 30 hubanwa kwenye hatua nne tu, na nywele nyeusi hugeuka ngazi za mabaka. Nuru huhifadhiwa kwa namba za desimali hadi mchanganyo uishe, kisha hurudishwa kwenye gama mara moja tu, mwishoni.